Kutoka picha ya vipimo hadi ombi la kitambaa: kanzu tatu za Maulidi

Sisi mafundi wa Lamu tukiagiza kitambaa Mombasa, kosa la nusu mita ni kosa la siku kadhaa: kipande cha kuongezea kipakiwe kwenye basi hadi Mokowe, kivushwe kwa boti, na kikifika pengine kimetoka jora jingine, weupe wake haulingani na wa kwanza. Kwa hiyo ombi liandikwe mara moja, likiwa sahihi. Nitaeleza kwa kazi moja niliyoipokea kwa picha ya simu: ukurasa wa daftari wenye vipimo vya baba, kijana wake wa miaka 14 na mtoto wa miaka 7, wote wakitaka kanzu za kitambaa kimoja.

Anza kwa kuihamisha picha kwenye karatasi yako, mtu mmoja kila mstari. Usipige hesabu huku ukitazama simu. Mimi niliandika hivi, kwa inchi: baba urefu 58, bega 19, kifua 42, mkono 24, kijana urefu 50, bega 16, kifua 34, mkono 21, mtoto urefu 38, bega 12 na nusu, kifua 27, mkono 16.

Bega la kijana kwenye picha lilisomeka kama 10, kwa sababu mkia wa 6 ulikuwa umefifia kwenye kivuli cha kidole. Nililijua kosa kwa kulinganisha: bega huwa pungufu kidogo ya nusu ya kifua, na 10 kwa kifua cha 34 haifiki hata thuluthi. Hata hivyo usijisahihishie mwenyewe. Muulize mwenye picha, na swali la pili lifuate hapo hapo, maana ndilo linaloharibu nguo nyingi zaidi: "Asalaam aleikum mama. Bega la kijana ni 16? Na kifua hiki kimepimwa mwilini, au ni cha kanzu yake ya zamani?" Kikiwa cha mwilini unaongeza inchi 8 za nafasi. Kikiwa cha nguo, nafasi imo tayari, na ukiongeza tena kanzu itakuwa hema. Vyangu vilikuwa vya mwilini.

Sasa muulize mwenye duka upana. Kitambaa cha inchi 60, ukitoa kingo mbili, kinakuachia 58 za kukata. Kifua cha baba na nafasi yake ni 50. Nusu ni 25, na inchi moja ya mishono inafanya 26 kwa kila upande, mbele na nyuma. Chini kanzu hutanuka hadi 28. Pande mbili zikilala sambamba ni 56, zinaingia. Kitambaa kikiwa cha inchi 45 haziingii, na kanzu ya baba peke yake itakula karibu mita 3 na robo tatu.

Kwenye urefu ongeza inchi 3 za upindo na mabega, kwenye mkono ongeza 2. Baba: mwili 61, mikono miwili sambamba 26, jumla 87. Kijana: 53 na 23, jumla 76. Mtoto angekuwa 41 na 18, lakini hapa tazama vizuri. Pande zake mbili, kila moja 21 kwa chini, zinachukua 42 tu za upana, na pembeni unabaki ukanda wa inchi 16. Mkono wake una upana wa 15 na urefu wa 18. Mikono yote miwili, mmoja juu ya mwingine, ni 36, inakaa ndani ya ukanda huo. Basi mtoto ni 41 peke yake.

Jumla ni inchi 204. Pamba hurudi ikifuliwa, na dukani hukatwa upande, kwa hiyo niliongeza 10. Gawa 214 kwa 39.37 upate mita 5.44. Ombi likaandikwa: "Pamba nyeupe, upana inchi 60, mita 5 na nusu, kipande kimoja kisichokatwa, jora moja." Bila ule ukanda ningeagiza mita 6.

Kitambaa kikifika, kiloweshe, kikauke, kipige pasi, nyoosha ncha, kisha chora zote tatu kwa chaki kabla ya mkasi kugusa kitu. Kata mwili wa baba kwanza, mikono yake, halafu kijana, mtoto mwisho. Mwaka mmoja nilianza na mtoto kwa sababu alikuwa anasafiri. Kitambaa kilikuwa kimerudi kuliko nilivyodhani, na kanzu ya baba ikaishia na kiungo kwenye pindo ambacho kila aliyemwona alikiona. Ukianza na baba, upungufu ukitokea utamkuta mtoto, na mikono yake unaweza kuiunga kwapani pasipoonekana.

Kola na mifuko usizikate mapema. Za baba zitoke kwenye kipande cha inchi 14 kando ya mikono yake, na za watoto wote wawili kwenye kile cha inchi 20 kando ya mikono ya kijana.