Jinsi ya kusoma tebo ya ligi kwa picha, hata kama haionekani vizuri

Mtu amepiga picha skrini ya TV kwa baa huko Kawangware akaitupa kwa grupu, herufi za juu zimekatwa nusu, namba zingine zimefifia, na wewe ndio umeanza tu kufuata boli. Hiyo tebo inasomeka. Tutumie EPL ya 2011/12, timu tatu za juu:

```
         P   W  D  L   GF  GA  GD   Pts
City     38  28 5  5   93  29  +64  89
United   38  28 5  5   89  33  +56  89
Arsenal  38  21 7  10  74  49  +25  70
```

Hatua ya kwanza, anza na P, mechi ambazo timu imecheza. Usilinganishe pointi kabla uangalie hapo, juu timu iko nyuma pointi mbili na ina mechi moja haijacheza bado inaweza kupita. Tebo zingine huandika MP, na zingine huweka P mwisho kabisa wakimaanisha pointi, so angalia iko upande gani.

Hatua ya pili ni W, D na L: imeshinda, imetoka droo, imepigwa. Kushinda ni pointi 3, droo 1, kupigwa hupati kitu. Sasa kama herufi zimekatwa utajuaje droo ni gani? Chukua Arsenal. 21 mara 3 ni 63, ongeza 7 unapata 70, imeshikana na Pts. Ukijaribu na 10 unapata 73, haiingiani, kwa hivyo 7 ndio droo. City na United hawawezi kukusaidia hapo juu wote ni 5 na 5.

Hatua ya tatu, GF ni magoli wamefunga, GA wamefungwa, GD ni tofauti. Hapa ndio picha mbaya hudanganya watu sana. Hiyo 33 ya United ikififia unaisoma 38, lakini 89 toa 56 ni 33, basi. Na ile alama ya kutoa kwa GD hupotea haraka kwa picha, so ukiona timu ya chini ina 20 tupu na GA yake ni kubwa kuliko GF, jua hiyo ni -20.

Hatua ya nne, angalia timu zenye pointi sawa. England GD ndio huamua kwanza, Spain huangalia kwanza mechi zao wenyewe kwa wenyewe. City walichukua kombe kwa tofauti ya magoli 8, na Oktoba 2011 walikuwa wamepiga United 6-1 pale Old Trafford. Hebu fanya hiyo mechi iwe imeisha 1-0 tu: City wanabaki na 88 za kufunga na 28 za kufungwa, United pia 88 na 28, kila namba kwa hizo laini mbili inakuwa sawa.