Sauti ya hedifoni ikipanda yenyewe, anza na rimoti ya waya

Msimu wa kusi ukishika hapa Lamu, nyingi katika hedifoni zinazoletwa kwangu huwa na ugonjwa mmoja: mtu akichomeka pini, sauti inapanda mpaka mwisho na haishuki, au inaruka juu na chini bila yeye kugusa kitu. Wengi huja wakiamini simu imeharibika, na wengine wameshafuta kila kitu kwenye simu na kuanza upya. Kwa hedifoni za waya zenye pini ya milimita 3.5 na rimoti ya vitufe vitatu, zikitumika na simu ya Android, mara nyingi kosa huwa ndani ya rimoti, na unaweza kulithibitisha mwenyewe. Vipimo ninavyovitaja ni vya Android. iPhone huwasiliana na rimoti yake kwa njia nyingine.

Kabla ya yote, toa hedifoni masikioni na usizirudishe mpaka umalize. Sauti ikiruka hadi mwisho ghafla inaumiza sikio.

Hatua ya kwanza: tazama kioo. Chomeka hedifoni, cheza wimbo, kisha tazama mstari wa sauti kwenye kioo wakati sauti inapopanda. Ukiuona mstari unasogea wenyewe, kuna kitu kinachoiambia simu kwamba kitufe kimebonyezwa. Mstari ukitulia na huku sauti inabadilika, tafuta kwingine: waya umekatikia ndani, au hedifoni yako ina kile kigurudumu cha kuzungusha kwa kidole, ambacho hupunguza sauti kwenye waya wenyewe na simu haina habari nacho. Kigurudumu kikichakaa hukwaruza. Hakina dawa ya kudumu, badilisha.

Hatua ya pili: chomoa. Mstari ukiendelea kusogea hata bila hedifoni, kosa ni la vitufe vya pembeni mwa simu. Vua kava kwanza, kwa sababu kava iliyobana hubonyeza kitufe mchana kutwa. Kisha izime simu na uiwashe. Simu nyingi zikiwashwa huku kitufe cha kupunguza kimebanwa huandika `Safe mode` pembeni mwa kioo, na zikiwashwa huku cha kuongeza kimebanwa huingia ukurasa wa `Recovery`. Ukiona hivyo bila kugusa kitu, kitufe kimenasa, na hiyo ni kazi ya kufungua simu.

Hatua ya tatu: badilishana. Chomeka hedifoni nzima kwenye simu hiyo, kisha chomeka hedifoni yenye shida kwenye simu nyingine. Ugonjwa ukifuata hedifoni, umeshajua. Ukibaki kwenye simu hata kwa hedifoni nzima, mulika tundu kwa tochi. Pamba za mfukoni hukaa mle ndani na kushika unyevu. Izime simu, utoe uchafu taratibu kwa kijiti cha meno cha mti, usitumie sindano. Mle ndani mna vibati vya springi, na kimoja kikipinda tundu limekwisha.

Sasa tuingie kwenye rimoti, na hapa ndipo penye elimu. Tazama pini yako: mistari mitatu myeusi imeigawa sehemu nne. Ncha ni sikio la kushoto, inayofuata ni la kulia, na mbili za mwisho upande wa waya ni ardhi, yaani njia ya umeme kurudi, na maikrofoni. Vitufe havina waya wao. Kila kitufe kinapobonyezwa huunganisha maikrofoni na ardhi kupitia ukinzani wa kiasi chake, na simu hupima kiasi hicho kujua umebonyeza kipi. Cha katikati ni karibu na sifuri, cha kuongeza sauti ni kama omu 240, cha kupunguza ni kama omu 470. Simu haidai kiasi kamili: chochote kati ya 210 na 290 inakisoma kuwa "ongeza", na kati ya 360 na 680 kuwa "punguza".

Maji ya chumvi hupitisha umeme. Yakiingia kwenye rimoti yakaacha utando kati ya njia hizo mbili, utando wenyewe unakuwa ukinzani. Ukiangukia kwenye 250, simu inaamini kidole kimekwama kwenye "ongeza". Utando ukinyonya unyevu usiku na kukauka mchana, kiasi kinahama, na ndiyo maana sauti hupanda saa hii na kushuka baadaye. Ukishuka chini ya 70, nyimbo zinasimama na kuendelea zenyewe. Anayekwambia hedifoni yake "inapokea simu yenyewe" anakueleza kosa hilohilo.

Hatua ya nne: pima. Weka mita ya kupimia umeme kwenye omu 2000. Gusisha ncha moja ya mita kwenye sehemu ya mwisho ya pini, iliyo jirani na waya, na nyingine kwenye sehemu inayopakana nayo. Usibonyeze kitufe. Hedifoni nzima husoma zaidi ya 1000. Geuza ncha za mita upime tena, kwa sababu maikrofoni husoma tofauti kila upande.

Kijana mmoja anayeendesha mashua kati ya Shela na mjini aliniletea yake baada ya wimbi kumrowesha. Bila kugusa kitufe mita ilisoma 260 na kitu, ikawa inayumba polepole. Rezista ya kitufe, yaani kile kijipande chenye ukinzani wake, haiyumbi. Namba inayotembea ni unyevu.

Hatua ya tano: osha. Ingiza wembe kwenye mshono wa rimoti uifungue taratibu. Ya kijana yule ilikuwa na unga mweupe kuzunguka kitufe cha kuongeza na ukijani kwenye shaba. Watu wengi hukimbilia spiriti peke yake, na hapo ndipo kazi inapoharibika: chumvi haiyeyuki kwenye spiriti. Tumia kwanza maji safi ya betri, yale ya kuongezea, si asidi. Ziba maikrofoni kwa kipande cha utepe, chovya mswaki laini, sugua vitufe na njia zake, futa, rudia. Halafu ndipo upitishe alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi ili ifukuze maji. Tina ya rangi usiiguse, inayeyusha plastiki. Acha mbele ya feni usiku kucha. Kuifukia kwenye mchele hakutoi chumvi.

Pima tena kabla ya kufunga. Ya kijana ilipanda juu ya 1500 ikatulia, na vitufe vikasoma 240 na 470 vilipobonyezwa. Niliifunga kwa gundi kidogo pembeni tu, mbali na vitufe.

Ikigoma. Shaba ikishaliwa, au kibati cha kitufe kikibaki kimelala, kuosha hakusaidii. Hedifoni ya bei ndogo nunua nyingine. Ila kama ni nzuri na unaipenda kwa muziki, kata pini na uchome kwa lehemu pini mpya ya sehemu tatu: kushoto, kulia na ardhi. Waya wa maikrofoni ukate mfupi na uuzibe peke yake. Usiamini rangi za waya, zinatofautiana. Zitafute kwa mita. Rimoti na maikrofoni havitafanya kazi tena, lakini simu haitakuwa na njia ya kusikia amri kutoka kwenye waya huo. Nyaya hizi zina rangi ya vanishi juu yake, hivyo unguza ncha kwa lehemu mpaka ing'ae kabla ya kuunganisha.