Nukta baada ya Bw., Bi. na Dkt.: kuzipanga sawa kwenye kadi na barua za mwaliko

Somo hili ni kwa makatibu wa kamati za harusi, vikundi vya kuweka na kukopa na BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa uvuvi vya mialo yetu, watu ambao kila mara wanakabidhiwa orodha ya majina na kuambiwa "tengeneza kadi." Nitashughulika na kitu kimoja tu: lile neno la heshima linalotangulia jina. Liwekewe nukta au lisiwekewe, na ukishaamua, ufanyeje ili kadi ya kwanza na ya mia mbili zifanane.

Nasisitiza kufanana kwa sababu mgeni husoma jina lake kabla ya kusoma tarehe na ukumbi. Majirani wawili wa Buhongwa wakiweka kadi zao mezani, mmoja ameandikiwa "Bw. Mabula" na mwingine "Masanja" kavu, yule wa pili ataona kuwa amepunguzwa. Hata kama hakuna aliyekusudia, kadi imeshamfikia hivyo.

Hatua ya 1: Jua nukta inafanya kazi gani

Nukta inaonyesha kuwa neno limekatwa. Bwana likikatwa linakuwa Bw., Mwalimu Mwl., Mchungaji Mch., Daktari Dkt., Profesa Prof., Mheshimiwa Mhe., Ndugu Ndg. Neno lililoandikwa zima halina nukta: Mzee, Mama, Sheikh, Padre, Sista, Askofu, Balozi. Kwa hiyo "Mzee. Magesa" ni kosa, maana hakuna kilichokatwa.

Mkanganyiko tulio nao umetoka kwenye Kiingereza. Waingereza wa leo huandika Mr, Mrs na Dr bila nukta. Hoja yao ni kwamba kifupisho kinaishia na herufi ileile inayomalizia neno zima, kwa hiyo hawakihesabu kuwa kimekatwa mkiani. Kwa Prof. wengi wao wameizoea nukta, kwa sababu pale mkia umekatwa kweli. Wamarekani hawaingii kwenye hesabu hiyo: wanaweka nukta kote, Mr., Mrs. na Dr. Sisi tunasoma vitabu na fomu za pande zote mbili, ndiyo maana kamati moja inaweza kuwa na wajumbe watatu na mitindo mitatu.

Sasa chukua kanuni ya Waingereza uipime kwa vifupisho vyetu. Bwana linaishia na a, Bw. inaishia na w. Daktari linaishia na i, Dkt. inaishia na t. Mwalimu, Mchungaji, Mheshimiwa na Ndugu ni vivyo hivyo: vyote vimekatwa, vyote vinabaki na nukta hata ukimfuata Mwingereza. Kinachokwepa ni kimoja tu, Bi., kwa kuwa Bibi nalo linaishia na i. Anayeshika kanuni hiyo kwa ukamilifu ataishia kuandika "Bw. na Bi Masatu," mume ana nukta na mke hana, ndani ya mstari mmoja.

Pwani na Visiwani Bi hutamkwa kama neno kamili na wengi huliandika bila nukta. Likisimama peke yake sina ugomvi nalo. Lakini kwenye orodha yenye Bw. ndani yake, msimamo wangu ni kuweka nukta kwenye vifupisho vyote, bila kubagua. Kanuni inayoshikika na kila mjumbe wa kamati ni bora kuliko ile inayohitaji maelezo.

Hatua ya 2: Andika uamuzi kabla ya kugusa orodha

Chukua karatasi, andika aina moja tu ya kila neno, kisha mpe kila anayeandika majina. Yangu huwa hivi:

```
Bw.  Bi.  Dkt.  Prof.  Mhe.  Mch.  Mwl.
Mzee  Mama  Sheikh  Padre  Sista  Balozi
```

Utakutana na Dk., Dr. na Dkt.; chagua moja. Utakutana na Mh. na Mhe.; mimi nashika Mhe., kama ilivyo kwenye Hansard ya Bunge letu. Baada ya nukta iache nafasi moja kabla ya jina: "Bw. Mabula," siyo "Bw.Mabula."

Daktari haongezewi Bw. mbele. "Mhe. Dkt." inakubalika kwa sababu moja ni heshima ya wadhifa na nyingine ni ya usomi, lakini "Bw. Dkt." inarudia kazi ileile.

Hatua ya 3: Cheo kikae safu yake

Kama orodha iko kwenye Excel, safu ya kwanza iwe ya cheo peke yake na ya pili ya jina. Ukiviunganisha, ukipanga kwa alfabeti akina Bi. wote wanakwenda juu na akina Prof. chini, na jina la ukoo hulipati kirahisi.

Faida nyingine ni ukaguzi. Washa `Filter` kwenye safu ya cheo, bonyeza kimshale. Namna zinazotofautiana kwa nukta zitajitokeza kivyake: ukiona `Bw` na `Bw.` zimeorodheshwa zote mbili, umeshajua kuna kadi zitakazotofautiana. Orodha ikiwa safi, kila cheo kinaonekana mara moja tu.

Hatua ya 4: Safisha orodha iliyokwisha kuchapwa kwenye Word

Hapa ndipo wengi wanaharibu, kwa hiyo twende polepole. Tuseme umeletewa hii (majina ni ya mfano):

```
Bw Masanja
Bw.Mabula
Bwana Magesa
Bw. na bi Masatu
Dr. Kashinje
Bi Nyanzala, Biharamulo
```

Ukifungua `Ctrl + H` na kuamuru `Bw` igeuke `Bw.` moja kwa moja, utapata "Bw..Mabula" na "Bw.ana Magesa." Ukifanya hivyo kwa `Bi`, mgeni wako atatoka "Bi.haramulo." Mpangilio unaofanya kazi ni kuondoa nukta zote kwanza, kisha kuzirudisha kwa mpigo mmoja. Weka tiki kwenye `Match case`, halafu:

Kwanza, `Find what` andika `Bw.` na `Replace with` andika `Bw` ikifuatwa na nafasi moja. Hii inamwachanisha Bw.Mabula na cheo chake. Pili, tafuta nafasi mbili zilizofuatana, weka moja, rudia mpaka Word iseme hakuna tena. Tatu, tafuta `Bw` ikifuatwa na nafasi moja, weka `Bw.` ikifuatwa na nafasi moja. Ile nafasi ndiyo inayolilinda neno Bwana lisiguswe. Rudia safari hiyohiyo kwa Bi, na Biharamulo itabaki salama. Kwa Dr. inatosha kuigeuza kuwa Dkt. na kuangalia nafasi.

"Bwana Magesa" mbadilishe kwa mkono, ukitumia `Find Next`. Usithubutu `Replace All` kwenye Bwana, kwa sababu ndani ya kadi yuko pia Bwana harusi, na "Bw. harusi" haisomeki. Ile "bi" ya herufi ndogo nayo irekebishe kwa mkono. Mwisho upate:

```
Bw. Masanja
Bw. Mabula
Bw. Magesa
Bw. na Bi. Masatu
Dkt. Kashinje
Bi. Nyanzala, Biharamulo
```

Wakati wa kuchapa, Word inadhani nukta ya Bw. imemaliza sentensi, hivyo inaandika "Bw. Na Bi." Ikitokea, bonyeza `Ctrl + Z` mara moja, N inarudi kuwa ndogo. Kwa dawa ya kudumu nenda `File`, `Options`, `Proofing`, `AutoCorrect Options`, `Exceptions`, na kwenye `First Letter` ongeza `bw.` Cheo kikibaki mwisho wa mstari na jina likashuka chini, futa ile nafasi kati yao na uweke nyingine kwa `Ctrl + Shift + Space`; vitatembea pamoja.

Hatua ya 5: Bahasha na salamu viseme kitu kimoja

Bahasha ikisema "Dkt. Kashinje" na ndani ukaandika "Mpendwa Bw. Kashinje," umemvua cheo njiani. Usiandike pia "Ndugu Bw. Kashinje," kwa kuwa Ndugu tayari ni neno la heshima.

Kifupisho hakisimami bila jina. Ukimwandikia kiongozi kwa wadhifa wake tu, andika neno zima: "Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya." Hansard inafanya hivyohivyo: jina la mbunge linatanguliwa na MHE., lakini anapoanza kuzungumza imeandikwa "Mheshimiwa Spika."

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Sengerema: Shikamoo mwalimu. Mjane au dada ambaye hajaolewa tumwandikie nini?*

Marahaba. Bi. inawafaa wote, haiulizi habari za ndoa. Taabu inaanza tunapochapa kadi kwa Kiingereza na kuanza kuchagua kati ya Mrs na Miss. Kama mwenyewe anajulikana kwa jina la mwanawe, Mama fulani, piga simu umuulize anavyopenda kusomeka, kisha ufuate alivyosema.

*Mwanachama, Ukerewe: Mtu aliyeshika nyadhifa nyingi zamani anaandikwaje?*

Chagua heshima moja na uishike kuanzia bahasha hadi salamu. Hapo kwenu mna mfano mzuri: Getrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, aliyeongoza mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995 na baadaye kuwa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika mwaka 2004. Watu wamezoea kumwita Mama Mongella. Barua ya kikundi inaweza kuandika "Mhe. Getrude Mongella" juu na "Mheshimiwa Mongella" kwenye salamu, Mama litumike ukumbini mnapomkaribisha kwa mdomo. Umeona kwamba Mheshimiwa zima halikuwekewa nukta.

*Mwanachama, Kirumba: Kadi zimeshatoka kwa mchapaji zikiwa na "Prof/Dr/Mr/Mrs" bila nukta, na mimi ndiye ninayejaza majina kwa kalamu. Nifuate somo au kadi?*

Fuata kadi. Andika "Dr Kashinje" bila nukta na kwa Kiingereza kilekile, kadi zote. Ukiweka "Dkt." yenye nukta juu ya vitone vya kadi hiyo, unaleta lugha mbili na mitindo miwili kwenye mstari mmoja. Awamu ijayo mpe mchapaji karatasi ya hatua ya 2 kabla hajaanza kazi.

*Katibu wa BMU: Kwenye bahasha natumia herufi kubwa tupu. Nukta inabaki?*

Inabaki: BW. MASATU, DKT. KASHINJE. Tena ukiwa umeandika S.L.P. kwa nukta mstari wa chini, cheo kisicho na nukta juu yake kitaonekana kimesahaulika.