Kuhamisha tanbihi zilizochapwa ndani ya insha ziwe tanbihi za mwisho kwenye Word

Niliwahi kupewa insha ndefu kuhusu majahazi ya Kilwa. Mwandishi alichapa tanbihi zake katikati ya matini, kwenye mabano ya mraba, na namba akaziweka mwenyewe: [12. Mahojiano na nahodha, Kilwa Kivinje.] Kishazi cha kuogopwa kwenye kazi kama hii ni "tazama tanbihi 23". Ukiwahi kufuta namba za zamani, hutajua tena 23 ilikuwa ipi. Kwa hiyo ziache mpaka hatua ya mwisho.

1. Hifadhi nakala ya faili, kisha ufanyie kazi nakala hiyo.

2. Hesabu tanbihi. Bonyeza Ctrl+H, nenda Find, fungua More, weka alama kwenye Use wildcards, uandike:

```
\[[0-9]*\]
```

Chagua Find In, halafu Main Document. Mimi nilipata 47, ilhali namba ya mwisho ya mwandishi ilikuwa 46. Andika idadi yako pembeni.

3. Anza juu ya insha. Bonyeza Find Next, kata kwa Ctrl+X, bonyeza Alt+Ctrl+D, bandika kwa Ctrl+V. Ondoa mabano tu, namba ya zamani ibaki. Usibandike kwa Keep Text Only, maana majina ya vitabu yatapoteza italiki. Rudi kwenye matini ufute nafasi iliyobaki kabla ya alama mpya, kisha uendelee. Kama tanbihi ina mabano mengine ndani yake, utafutaji utaishia kwenye bano la kwanza la kufunga, kwa hiyo soma kilichochaguliwa kabla ya kukata.

4. Word huanza na i, ii, iii. Kwenye References fungua kisanduku cha Footnotes, chagua Endnotes, namba za 1, 2, 3, na Continuous.

5. Sasa linganisha namba mpya na ya zamani katika kila tanbihi. Kwangu zilikwenda sambamba hadi 12, kisha 13 mpya ikakaa na 12 nyingine: mwandishi alirudia namba. Tangu hapo zote zilisogea moja, na 23 yake ikawa 24.

6. Ondoa alama ya Use wildcards, maana ikiwepo Word hutofautisha herufi kubwa na ndogo na itaruka "Tazama". Kisha tafuta kila "tazama tanbihi", hata ndani ya tanbihi zenyewe. Futa namba iliyochapwa, nenda References, Cross-reference, Endnote, uchague tanbihi yenye namba hiyo ya zamani. Hapo ukiongeza tanbihi baadaye, namba itafuata. Ili zisasishwe, bonyeza Ctrl+A na F9 ukiwa kwenye matini, kisha uweke kishale ndani ya tanbihi ufanye vilevile, kwa sababu mara ya kwanza haigusi zilizo huko.

7. Futa namba za zamani. Use wildcards ikiwa bado haina alama, tafuta `^e` kwenye Main Document. Idadi ikipungua kuliko ile ya hatua ya 2, kuna tanbihi bado imejificha kwenye aya.