Somo: Kuzipata na kuzipunguza ada za simu na benki zinazokula akiba yako mwaka mzima

Mimi ni mweka hazina wa chama chetu hapa Umoja, Nairobi, na somo hili limetokana na swali ambalo mwenzetu mshonaji aliniuliza mwishoni mwa mwaka: kwa nini anaweka akiba kila siku ya kazi bila kukosa, ilhali kila Desemba anakuwa na upungufu asioweza kuueleza. Tuliketi na taarifa yake ya M-PESA ya mwezi mmoja tukaisoma mstari kwa mstari, na jibu tukalikuta humo. Kwa ruhusa yake ninaitumia hesabu yake hapa, kwa maana ni hesabu ambayo wengi wetu tungeipata tukichunguza ya kwetu.

Hatua ya kwanza: omba taarifa, usitegemee kumbukumbu

Ada ya shilingi 29 haikumbukwi na mtu, na ndiyo maana inaweza kujirudia mara ishirini kwa mwezi bila kusumbua. Piga *334# au fungua programu ya M-PESA, uingie sehemu ya akaunti yako, uombe taarifa ya mwezi mzima uliopita. Itakuja kama faili iliyofungwa, na nambari ya siri ya kuifungulia utatumiwa kwa ujumbe mfupi. Ukishaifungua, tafuta ndani yake neno Charge. Kila muamala uliotozwa una mstari wake wa ada chini yake au juu yake: ada ya kutuma imeandikwa "Customer Transfer of Funds Charge", ya kutoa pesa kwa wakala ni "Withdrawal Charge", na ya kulipa kupitia nambari ya peibili ni "Pay Bill Charge". Chukua daftari, uchore safu tatu, ujumlishe kila aina peke yake. Usizichanganye, kwa sababu kila moja ina dawa yake.

Safu za mshonaji wetu zilikuwa hivi. Alitoa pesa kwa wakala mara 20, kati ya shilingi 600 na 1,000 kila mara, za nauli na vitambaa, jumla yake ikawa 15,000. Kila mara alikatwa 29, na hiyo ni 580. Alimtumia mama yake Machakos shilingi 3,000 mara moja, akakatwa 53. Alimlipa muuza vifungo na nyuzi shilingi 300 kwenye nambari yake ya simu mara 12, kwa ada ya 7 kila mara, yaani 84. Akaweka akiba ya shilingi 200 kila siku ya kazi, siku 26, katika chama cha ushirika ambacho peibili yake humtoza mwanachama, na kila mara akakatwa 5, yaani 130. Jumla ni shilingi 847 kwa mwezi, na kwa miezi kumi na miwili ni 10,164. Akiba yake ya mwezi ni 5,200. Kwa hiyo karibu miezi miwili mizima ya kujinyima ilikuwa ikienda kwenye ada.

Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama tumekosea kujumlisha. Tulijumlisha tena.

Hatua ya pili: zifahamu ngazi za ada

Ada za M-PESA hazipandi kwa asilimia, bali hupanda kama ngazi, na aliyezijua ngazi hizo hulipa kidogo kwa kazi ileile. Katika viwango vilivyoanza Julai 2023, ushuru wa bidhaa kwa huduma hizi ulipowekwa asilimia 15, kutoa kwa wakala kiasi chochote kuanzia 101 hadi 2,500 hutozwa 29. Anayetoa 500 na anayetoa 2,500 wanalipa sawa. Mshonaji wetu akitoa zile 15,000 kwa mikupuo sita ya 2,500, atalipa 174 badala ya 580, na hakuna alichopungukiwa.

Lakini usihitimishe kwamba kutoa kingi kwa pamoja ndiyo nafuu siku zote. Ukitoa 2,600 umekanyaga ngazi inayofuata na ada inakuwa 52, kwa ajili ya shilingi mia moja tu. Kutoa 5,000 kwa mara moja ni 69, ilhali kuzitoa mara mbili kwa 2,500 ni 58. Kwa upande mwingine, kutoa 10,000 kwa mara moja ni 115, na wakala asiye na pesa taslimu za kutosha akikuomba utoe 5,000 mara mbili, utalipa 138. Hapo afadhali umtafute wakala mwingine.

Kutuma nako kuna ngazi zake, na hapa ndipo wengi hushangaa. Kutuma hadi 100 ni bure, 101 hadi 500 ni 7, na 501 hadi 1,000 ni 13. Kisha ngazi inaruka: 1,001 hadi 1,500 ni 23, 1,501 hadi 2,500 ni 33, na 2,501 hadi 3,500 ni 53. Kwa hiyo zile 3,000 za mama, zikitumwa mara tatu kwa 1,000, zinagharimu 39 badala ya 53. Hata 4,000 ikikatwa mara nne inatoka kwa 52 badala ya 57. Ikifika 5,000 mpango huu hauna faida tena, kwa sababu mara moja ni 57 na mara tano ni 65. Mjulishe mama mapema kwamba zinakuja jumbe tatu, asije akadhani ni matapeli. Mwambie pia asitoe 3,000 zote kwa 52. Atoe 2,500 kwa 29, na 500 zilizobaki alipe dukani kwenye tili.

Hatua ya tatu: kusanya akiba mahali pasipotoza, kisha uipeleke mara moja

Hapa ndipo niliposikitika zaidi, kwa sababu mtu alikuwa akitozwa kwa kosa la kuweka akiba. Nidhamu ya 200 kila siku ni nzuri na sikutaka aivunje. Tulichobadilisha ni njia. Kuhamisha pesa kati ya M-PESA na M-Shwari hakutozwi, kuingia wala kutoka. Sasa kila jioni anaingiza 200 zake M-Shwari, na mwisho wa mwezi anazirudisha M-PESA na kuzipeleka 5,200 kwa mkupuo mmoja kwenye chama cha ushirika kwa ada ya 42. Kama chama chako kimekubali kulipa ada ya peibili chenyewe, hatua hii huihitaji. Angalia ujumbe wa uthibitisho, pale palipoandikwa "Transaction cost", na ukiona Ksh0.00, endelea kama kawaida.

Kuna mpaka hapa. Usiipeleke akiba yote ukabaki na salio tupu, kwa maana bili ya kwanza itakayokuja itakuingiza Fuliza, na Fuliza ina ada ya asilimia 1 ya kuanzia, kisha ada ya kila siku kulingana na kiasi unachodaiwa. Siku chache za Fuliza zinaweza kumeza kila ulichookoa mwezi huo. Mshonaji wetu huacha nauli na bei ya vitambaa vya wiki moja kwenye simu.

Baada ya mabadiliko haya, na muuza vifungo kukubali kutumia tili, hesabu yake ya mwezi ni 174 za kutoa, 39 za mama na 42 za akiba, jumla 255. Kwa mwaka ni 3,060. Tofauti ni shilingi 7,104.

Maswali ya wanachama

Mama wa duka, Kayole: Mweka hazina, hapo kwenye tili nina shaka. Nikiwaambia wateja walipe huko, si mimi ndiye nitakayekatwa? Na je, Pochi la Biashara si kitu kilekile?

Jibu: Mama, ni kweli kwamba tili humkata muuzaji na si mteja, lakini malipo yasiyozidi 200 hayakatwi, na yanayozidi hapo hukatwa asilimia 0.55. Kwa mauzo ya 300 ni shilingi moja na senti 65, ambapo mteja wako angelipa 7 kukutumia kwenye simu. Pochi la Biashara ni tofauti: mteja hulipa kama anayetuma pesa kwa kawaida, kwa hiyo yeye haokoi chochote.

Mwalimu, Kasarani: Mimi mshahara wangu huingia benki, nami huuhamishia kwenye simu shilingi 500 au 1,000 ninapohitaji. Naona salio la benki linapungua kuliko ninavyotumia.

Jibu: Mwalimu, huenda bado unaishi na mazoea ya wakati wa korona. Kuanzia Machi 2020 Benki Kuu iliondoa ada za kuhamisha pesa kati ya akaunti ya benki na simu, lakini zilirejea tarehe 1 Januari 2023, na sasa kila uhamisho mdogo una ada yake pamoja na ushuru. Omba taarifa ya miezi mitatu, utie alama kila ada ya uhamisho na mstari wa "Excise Duty" unaoifuata. Kisha uhamishe mara moja kwa wiki, na kodi ya nyumba uilipe moja kwa moja kutoka benki hadi akaunti ya mwenye nyumba badala ya kuipitisha kwenye simu, ambako ungetozwa mara ya pili.

Mwalimu, Kasarani: Na ile ada ya kila mwezi ya kutunza akaunti? Yangu ni akaunti ya akiba.

Jibu: Hilo usiliache. Kifungu cha 16A cha Sheria ya Benki kinakataza benki kutoza ada kwenye akaunti ya akiba. Mimi mwenyewe nilikatwa kila mwezi kwa muda mrefu, na nilipouliza nikaambiwa kwamba akaunti niliyofunguliwa haikuwa ya akiba bali ya kawaida, ingawa niliomba ya akiba. Nenda kwenye tawi ukaulize aina ya akaunti yako kwa jina kamili. Ikiwa si ya akiba, omba ibadilishwe. Ikiwa ni ya akiba, andika barua ukitaja kifungu hicho, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Kijana wa bodaboda, Umoja: Wakala wangu huniambia nimpe pesa taslimu, aziweke moja kwa moja kwenye nambari ya mama kijijini, nisilipe ada ya kutuma. Kuna ubaya gani?

Jibu: Ndugu yangu, kanuni za huduma haziruhusu, kwani kuweka pesa ni kwa mwenye akaunti aliye mbele ya wakala. Hata ukiacha kanuni, ujumbe wa uthibitisho hauji kwako. Tarakimu moja ikikosewa, simu yako haina kumbukumbu yoyote ya kudai kwayo. Weka pesa kwenye simu yako, ni bure, kisha umtumie mama 1,000 kwa 13.