Una drafti mbili za barua moja? Zilinganishe hivi kabla hujapeleka

Mi nina steshenari hapa Majengo, Dodoma, kuchapa na kuprinti, na barua za vikundi huwa zinakuja mbili mbili. Moja kaandika katibu, nyingine kaandika kijana wake aliyemaliza chuo, halafu wanabishana hapo kaunta ipi iende. Wakiniuliza "ipi nzuri" sijibu haraka, kwa sababu mwanzo wa barua ni kitu kimoja na mpangilio ni kitu kingine, drafti inaweza ikawa na mwanzo mzuri na mpangilio wa hovyo, sasa ukiichukua nzima nzima unabeba na uhovyo wake.

Tutumie mfano huu wa kutunga. Wakulima wa zabibu wa Mpunguzi, kiwanda kimewapangia gari Jumatatu tarehe 9 Machi, wao wanataka lije Jumatano tarehe 4 kwa sababu zabibu zimeshaiva na mvua za mwezi huo zikizikuta bado shambani zinapasuka na kuoza. Basi, habari ni hiyo tu.

Drafti A, kichwa chake ni "YAH: OMBI", inaanza hivi:

> Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu. Sisi ni kikundi cha wakulima wa zabibu chenye wanachama 18. Tunapenda kuchukua nafasi hii kukushukuru kwa ushirikiano wako wa siku zote.

Drafti B, kichwa "YAH: OMBI LA GARI LA ZABIBU KUJA TAREHE 4 MACHI":

> Tunaomba gari la kubeba zabibu zetu lije Jumatano tarehe 4 Machi badala ya Jumatatu tarehe 9 Machi. Zabibu zimeiva mapema na mvua za Machi zikizikuta shambani zitaoza.

Hatua ya 1: ziprinti zifanane. Fonti moja, saizi moja, karatasi moja moja, juu andika A na B kwa peni. Usiandike "ya zamani" na "mpya" wala jina la aliyeandika, maana watu wanachagua mpya kwa sababu ni mpya, au ya katibu kwa sababu ni ya katibu.

Hatua ya 2: funika barua, acha kichwa na sentensi mbili za kwanza. Mpe mtu ambaye hajui habari yenyewe, asome mara moja, kisha mnyang'anye karatasi. Muulize vitatu tu: nani kaandika, anataka nini, anataka lini. Usimuulize ipi kaipenda, hapa kwetu ukimuuliza mtu hivyo atakwambia zote nzuri ili asimuudhi mtu. Na aliyesoma A asisome B, tafuta mwingine, kwa sababu akifika ya pili anakuwa ameshajua jibu.

Kwenye A msomaji atakwambia "ni wakulima wa zabibu", akishafika kwenye wanataka nini anakwama. Kwenye B atakwambia gari, tarehe 4, ila wanaoandika ni akina nani hajui! Hapo ndo unaona B nayo ina tundu, imeruka utambulisho, na mtu wa kiwandani anapokea barua za vikundi vingi. Dawa yake ni maneno machache tu, "Sisi wakulima wa zabibu wa Mpunguzi tunaomba gari...", sio lazima iwe aya nzima.

Halafu hiyo "husika na kichwa cha habari". Watu wanaiweka kwa mazoea, mi siipendi lakini siifuti bila kuangalia. Inategemea kichwa chenyewe, kama kichwa kimeshasema kila kitu basi sentensi inarudia bure, na kama kichwa ni "OMBI" tu basi unamrudisha msomaji juu akute patupu. Kwenye ofisi yenye masjala kichwa ndo kinasomwa kwanza kuamua barua iende faili gani na meza gani, kwa hiyo "OMBI" peke yake haimsaidii yule karani hata kidogo.

Hatua ya 3: toa mifupa. Pembeni ya kila aya andika neno moja au mawili ya kazi inayofanya. A ikatoka hivi: utambulisho na shukrani, mauzo ya msimu uliopita, mvua, ombi, matumaini. B: ombi, sababu, tutakachofanya sisi (kuvuna Jumanne, kreti kuwa barabarani saa moja asubuhi), namba ya simu. Ukikuta aya huwezi kuipa neno, au inahitaji maneno manne, hiyo aya ina matatizo, iwe imo kwenye drafti unayoipenda au usiyoipenda. Kwenye A ombi liko aya ya nne, meneja akiitwa nje baada ya aya ya pili hajajua kama anaombwa chochote.

Hatua ya 4: ambayo wengi hawaifanyi, chotara. Kopi sentensi ya kwanza ya B uiweke badala ya aya ya kwanza ya A, halafu aya ya kwanza ya A uipachike juu ya B nzima. Dakika tano tu. Sababu ni kwamba drafti zako zinatofautiana vitu viwili kwa pamoja, B ikishinda hujui imeshinda kwa mwanzo au kwa mpangilio.

Hapa ndo mambo yanapendeza. Mwanzo wa B juu ya mwili wa A unasoma "gari lije tarehe 4", msomaji anajiuliza kwa nini, anakutana na mauzo ya msimu uliopita! Jibu la mvua linakuja baadaye sana, na ombi linakuja tena chini kana kwamba halijasemwa. Mbovu kuliko hata A yenyewe. Lakini mwanzo wa A juu ya mwili wa B unasomeka, umechelewa kidogo tu, ombi linakuja aya ya pili na sababu inalifuata hapo hapo. Kwa hiyo kwenye barua hii uzito uko kwenye mpangilio, na katibu akishikilia shukrani zake zibaki juu, mwachie sentensi moja, vita hiyo haina faida. Mpangilio ndo usimwachie.

Hatua ya 5: mpekue aliyeshindwa. Pigia mstari kila kitu kilichomo A na hakimo B, namba, tarehe, majina. Katikati ya aya ya mauzo kulikuwa na "mwaka huu tunategemea tani 6". B haina hiyo! Na anayepanga magari bila tani hajui alete gari gani, atapiga simu au ataiweka barua pembeni. Basi "tani 6" inahamia kwenye sentensi ya ombi, mauzo ya mwaka jana yanabaki huko huko.

Sasa usichukue hii ukaipeleka kila mahali. Ombi kutangulia linafaa pale unapoomba kitu cha kawaida kwa mtu ambaye ni kazi yake kukitoa. Kama kikundi hichohicho kilichelewesha mzigo msimu uliopita na sasa kinaomba kupewa nafasi tena, ukianza na "tunaomba" meneja anakumbuka ule mzigo uliochelewa kabla hajafika mstari wa pili, hapo mpangilio unaoanza na lililotokea, halafu mlichorekebisha, halafu ombi, unaweza kushinda. Rudia hatua ya pili, ila safari hii mwongezee msomaji swali la nne: baada ya sentensi hizo mbili, unawaamini hawa watu?