Mbuzi wa kunenepesha wanapokufa ghafla: sumu ya utumbo, ngazi ya pumba na muda wa chanjo

Mara nyingi anayekufa ni yule mnene. Jioni alikuwa wa kwanza kwenye hori, alfajiri yuko chini, kichwa kimepinda nyuma, udongo umechimbika pale miguu ilipokuwa ikipiga kama anaogelea. Watu husema amelishwa sumu. Sumu ipo kweli, ila imetengenezwa ndani ya utumbo wake mwenyewe.

Bakteria wa jamii ya klostridia, aina ya D, huishi kwenye utumbo wa mbuzi na kondoo wazima bila kuleta shida. Kinachowapa nguvu ni wanga mwingi kwa mkupuo: pumba, chenga za mahindi, ugali uliolala, maganda ya viazi kutoka vibanda vya chipsi. Tumbo lililozoea majani haliwezi kuuchachua wote. Unaobaki unashuka hadi utumbo mwembamba, bakteria wanazaana haraka na kumwaga sumu inayoingia kwenye damu na kuharibu mishipa ya ubongo na figo. Kondoo mara nyingi hufa bila dalili. Mbuzi anaweza kuanza kwa kulia na kuharisha majimaji yenye damu.

Hatua ya 1: Kagua mzoga kabla ya kushika kisu

Ukiona damu nyeusi isiyoganda puani, mdomoni au njia ya haja, usipasue. Huenda ni kimeta, nacho kinaua watu. Funika mzoga, zuia mbwa, mwite ofisa mifugo wa kata.

Kama hakuna dalili hizo, daktari wa mifugo apasue mapema. Atatazama maji ya manjano kwenye mfuko wa moyo, ambayo huganda kama jeli yakipata hewa, na figo lililolainika. Kwa joto la Dar es Salaam, figo la mzoga wowote uliolala hadi mchana hulainika, kwa hiyo figo peke yake si ushahidi. Uhakika unatoka maabara, kwa sampuli ya uchafu wa utumbo mwembamba iliyowekwa kwenye barafu. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania upo Temeke.

Hatua ya 2: Panda ngazi ya pumba

Tuchukue mbuzi 12 walionunuliwa mnada wa Pugu, wastani wa kilo 20 kila mmoja, wa kuuzwa Sikukuu ya Idi. Wametoka safari ndefu na njaa. Kosa linaloua ni kuwamwagia ndoo ya pumba siku hiyohiyo.

Siku ya 1 hadi ya 3 wape majani makavu na maji tu. Siku ya 4 anza gramu 50 za pumba kwa kila mbuzi, yaani gramu 600 kwa wote. Kila baada ya siku tatu ongeza gramu 50 kwa kichwa, hadi siku ya 16 ufike gramu 250, ambazo ni kilo 3 kwa kundi zima. Gawa mara mbili: kilo 1.5 asubuhi, kilo 1.5 jioni, na kila mara majani yatangulie. Pima mara moja kwa mizani ya dukani, kisha weka alama kwenye kopo.

Hesabu hii huvunjika horini. Kilo 1.5 kwenye hori fupi, dume moja lenye pembe linaweza kula nusu yake peke yake. Kila mbuzi apate nafasi ya sentimita 30 hivi, na wakorofi walishwe kando. Mfuko wa pumba ufungiwe stoo: mbuzi mmoja akifungua mlango usiku, ngazi yote imekwisha.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya chanjo

Chanjo ni sindano mbili, ya pili wiki 3 hadi 4 baada ya ya kwanza, na kinga kamili huja kama wiki mbili baadaye. Jumla ni wiki 5 au 6. Aliyenunua mbuzi wiki tatu kabla ya Idi hawezi kuitegemea. Kinachomlinda ni ngazi ya pumba. Soma pia kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuchinja.

Kwa wanaofugwa mwaka mzima, chanjo ni ya lazima. Kondoo hurudiwa kila mwaka. Kwa mbuzi kinga haidumu, hivyo rudia kila miezi 6, au mapema zaidi kama daktari atashauri. Mwenye mimba apewe ya kurudia wiki 4 hivi kabla ya kuzaa, ili kinga ipite kwenye maziwa ya mwanzo. Choma chini ya ngozi, kipimo cha lebo. Chupa itunzwe kwenye nyuzi 2 hadi 8, isigusane na barafu, kwani ikiganda imeharibika.

Hatua ya 4: Mmoja akifa katikati ya ngazi

Ondoa pumba kwa wote saa hiyohiyo, mwite daktari, na wape majani makavu kwa siku tatu. Wakiwa wanacheua na kinyesi ni vidonge vikavu, anza tena kwa gramu 50.